Neno la Kuaga kwa Wafanyakazi Wenzangu

Haya ndiyo maneno niliyowaambia wafanyakazi wenzangu siku tulipoagana katika ukumbi mdogo wa makao makuu ya Halmashauri. Nayaweka katika jarida hili kwa sababu wakazi wa kata zetu wametajwa ndani yake, nao wana haki ya kuyasikia.

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, wakuu wa idara na vitengo, watendaji wa kata na wa vijiji mlioacha kazi zenu mkafika hapa, ndugu zangu madereva, makatibu muhtasi, wahudumu na walinzi, wafanyakazi wenzangu nyote: nawasalimu, na nawashukuru kwa kuja.

Nimepata uhamisho. Ninaondoka baada ya miaka kumi na mitatu. Nilipofika hapa mwaka 2012 nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, nimebeba stashahada ya mawasiliano ya umma ndani ya bahasha ya kaki na begi moja la nguo. Leo ninaondoka na mume, watoto wawili, na mizigo ambayo fundi wa lori ameitazama mara mbili kabla ya kutaja bei. Mengine yote yaliyoongezeka kwangu mmenipa ninyi, nami nimesimama hapa kuyataja machache kabla sijafunga mlango.

Jana nilisaini hati ya makabidhiano. Waliowahi kuhama wanaifahamu hati hiyo. Imeorodhesha kamera moja na betri zake mbili, kipaza sauti kimoja, spika mbili za gari la matangazo, kompyuta, funguo za kabati, mafaili yaliyo wazi na yaliyofungwa, pamoja na bahasha iliyotiwa lakiri yenye nywila za tovuti ya Halmashauri. Anayenipokea amehesabu kila kitu, nami nimehesabu, na mtunza kumbukumbu wa masjala ameshuhudia. Hakuna kilichopungua.

Hata hivyo, usiku nilipolala nilijua kwamba kitu kikubwa kuliko vyote nilivyopokea katika ofisi hii hakikuandikwa katika hati ile. Kina uzito, lakini hakina namba ya mali ya serikali. Naomba nikikabidhi leo kwa mdomo, mbele ya mashahidi wengi zaidi. Ili kukikabidhi, itanibidi nisimulie kosa langu.

Ulikuwa mwaka wangu wa tatu kazini. Idara ya Afya ilipanga kupeleka huduma ya mkoba katika kitongoji kimoja kilicho mbali na zahanati. Kwa wasiolijua jina hilo, huduma ya mkoba ni ile ambapo muuguzi huwafuata akina mama na watoto mahali walipo, akiwa na sanduku la baridi la kubebea chanjo, mizani ya kupimia watoto na rejista yake. Siku ile kazi kubwa ilikuwa chanjo ya surua na rubela, inayotolewa mtoto anapotimiza miezi 9, na tena anapotimiza miezi 18.

Niliandika tangazo, nami nililipenda sana. Lilisema hivi: “Wananchi wote wanatangaziwa kuwa kutakuwa na zoezi la utoaji wa huduma za chanjo kwa watoto wenye umri stahiki siku ya Jumatano ya wiki ijayo kuanzia saa 8:00. Wote mnahimizwa kuhudhuria bila kukosa.” Nilipiga chapa, nikagonga mhuri, nikakabidhi dispachi, nikahesabu kwamba kazi yangu imekwisha.

Saa ile sikuitunga mimi. Niliinakili kutoka katika ratiba iliyokuwa kwenye kompyuta. Ratiba iliandikwa 8:00, kwa kuwa kompyuta huanza kuhesabu saa tangu usiku wa manane. Aliyeiandaa alikusudia saa mbili asubuhi. Nami, niliyezaliwa na kulelewa katika lugha hii, ambaye mama yangu hakuwahi hata siku moja kuniamsha “saa nane” ili niende shule, niliiandika saa nane kwa mkono wangu mwenyewe bila kushtuka.

Jumatano ile muuguzi alifika saa mbili kasoro. Alikaa chini ya mwembe na sanduku lake. Walikuja akina mama watatu tu, nao ni kwa sababu nyumba zao zilikuwa karibu na waliliona gari. Chanjo ya surua na rubela huja ikiwa unga ndani ya kichupa cha dozi kumi, na huchanganywa na maji yake maalumu pale pale mtoto anapofika. Ikishachanganywa haiwekwi tena. Hutupwa baada ya saa sita, au kikao kinapomalizika kama kitamalizika kabla ya hapo. Muuguzi hawezi kufungua dozi tatu akaziacha saba. Alifungua kichupa kwa ajili ya watoto watatu, akasubiri hadi saa sita mchana, akafunga kikao. Dozi saba zilizobaki zilitupwa. Gari likaondoka kwenda kituo kingine.

Kuanzia saa saba na nusu akina mama wakaanza kufika mwembeni. Walikuwa kumi na tisa. Wengine walikuwa wametembea kwa zaidi ya saa mbili juani, watoto mgongoni, kadi za kliniki zimefungwa katika ncha ya khanga. Walikuja mapema, jinsi tangazo langu lilivyowahimiza, “bila kukosa”. Walikuta benchi, maganda ya maembe, na alama za magurudumu.

Mtendaji wa Kijiji ndiye aliyenipigia simu. Hakunifokea. Aliniuliza kwa upole, “Dada Afisa Habari, ile saa nane yenu ni ya mchana au ya wapi?”

Wenzangu, nawaambia ukweli: nilivyolisikia swali lile nilishika meza.

Naomba sasa niseme yaliyofuata, kwa kuwa hiyo ndiyo sababu ya mimi kusimama hapa leo nikiwa na koo zito. Mganga Mkuu wa Halmashauri wa wakati ule aliniita. Nilikwenda nikitarajia barua ya kujieleza. Alinipa kiti na rejista ya chanjo, akasema, “Soma majina.” Nikayasoma majina ya watoto waliotarajiwa kitongojini, mmoja baada ya mwingine, na umri wa kila mmoja kwa miezi. Nilipomaliza akaniuliza, “Tunafanyaje?” Alisema “tunafanyaje”, akijiweka pamoja nami ndani ya kosa nililolitenda peke yangu.

Ratiba ya mkoba ilikuwa irudi pale baada ya mwezi mzima. Muuguzi akasema Jumamosi hiyo hana zamu, atakwenda. Dereva wa gari la matangazo akasema naye atakwenda. Gari la serikali halitembei siku ya mapumziko bila kibali, na ilikuwa Ijumaa jioni. Afisa Utumishi alikuwa ameshafunga ofisi yake. Alirudi kutoka stendi, akafungua, akaandika kibali, akakisaini, kisha akaenda kutafuta basi la mwisho. Sijui kama alilipata. Sikumuuliza wakati ule, na leo ninaona aibu kwamba sikumuuliza.

Nami niliwaomba wanipeleke kitongojini Ijumaa ile ile kabla giza halijaingia, nikapita nyumba kwa nyumba pamoja na Mwenyekiti wa Kitongoji, nikisema kwa kinywa changu: kesho, saa mbili asubuhi, jua likiwa linachomoza juu ya mnazi ule. Niliomba radhi kila mlango. Bibi mmoja alinikaribisha maji, akaniambia, “Mjukuu wangu, karatasi yako ilikuwa na maneno mengi, lakini haikuwa na mtu ndani yake.”

Jumamosi alfajiri nilimkuta muuguzi nje ya bohari ya chanjo amepanga vipande vya barafu juu ya meza, anavitazama tu. Nilidhani tunachelewa. Akaniambia kwamba barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye jokofu la kugandishia inaweza kuziharibu baadhi ya chanjo kwa kuzigandisha. Husubiriwa hadi ianze kuyeyuka. Alichukua kipande kimoja, akakitikisa karibu na sikio langu. Niliposikia maji yakicheza ndani akasema, “Sasa tunaweza kwenda.” Mpaka leo, kila ninapotaka kuharakisha jambo linalohitaji kungojewa, nasikia maji yale yakicheza.

Kati ya watoto kumi na tisa, walikuja kumi na saba. Mmoja tulimpata mwezi uliofuata nyumbani kwao. Wa kumi na tisa, familia yake ilikuwa imehama kufuata kilimo, na hakuna aliyejua imeelekea wapi. Huenda alichanjwa huko alikokwenda. Ninaomba iwe hivyo. Jina lake ninalikumbuka, na sitalitaja hapa, ila ninyi mliokuwepo mnajua kwamba kila tangazo nililoliandika baada ya siku ile nililiandika nikimtazama mtoto yule.

Hicho ndicho ninachokikabidhi, ndugu zangu. Tangazo halijatolewa mpaka limefika, na halijafika mpaka mtu amelielewa. Mhuri unathibitisha kwamba karatasi imetoka ofisini kwetu. Kuhusu kile kilichotokea kwenye mlango wa mkazi, mhuri haujui chochote.

Baada ya kosa lile tulikaa, mimi, muuguzi, dereva na mhudumu wetu wa masjala, tukaliandika upya tangazo lile. Tulilisoma sentensi kwa sentensi. “Zoezi la utoaji wa huduma za chanjo” likawa “chanjo ya watoto”. “Umri stahiki” tuliufuta, maana mama hana namna ya kujua umri stahiki ni upi, tukaandika miezi. “Jumatano ya wiki ijayo” nayo tuliikuta ina mtego wake. Karatasi niliyoiandika Ijumaa hubandikwa Jumatatu, na anayeisoma Jumatatu huhesabu wiki nyingine mbele. Tangazo jipya lilisomeka hivi:

“Chanjo ya watoto. Jumatano, tarehe 14. Saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Chini ya mwembe ulio karibu na mashine ya kusaga. Mlete mtoto aliyetimiza miezi 9 na aliyetimiza miezi 18. Njoo na kadi ya kliniki. Kama imepotea, njoo hivyo hivyo. Ukiwa na swali, muulize Mwenyekiti wa Kitongoji.”

Si maandishi ya kupatia tuzo. Lakini lina siku na tarehe yake, lina saa kama inavyotamkwa midomoni mwetu, lina mahali kwa jina ambalo wenyeji hulitumia, linasema aje nani na aje na nini, na linamtaja mtu wa kuulizwa. Tangu wakati ule tumekuwa na desturi moja ndogo: kabla tangazo halijagongwa mhuri, humsomea mtu ambaye hakushiriki kuliandika, kisha tunamwomba aeleze kwa maneno yake atafanya nini na lini. Akikosea, aliyekosea ni tangazo.

Kwa miaka kumi mtu huyo amekuwa mhudumu wetu wa masjala. Mama, simama kidogo wenzako wakuone. Mama huyu amenizuia kutoa matangazo mengi kuliko mkuu yeyote wa idara. Siku moja nilimsomea tangazo la kukatika kwa maji kwa ajili ya kusafisha tangi. Akasikiliza, akasema, “Nimeelewa kwamba maji hayatatoka. Sijaelewa yatarudi lini, na sijui nijaze ndoo ngapi.” Nikarudi kwa mhandisi. Mhandisi akanipa muda. Siku hiyo mama wengi walijaza ndoo za kutosha, na hawamjui aliyewasaidia. Leo nataka wamjue.

Nina deni pia kwa dereva wa gari la matangazo. Nilipoanza kazi tulikuwa tunatembea barabarani huku nikisoma, tena nikisoma kwa madaha, kama mtangazaji wa redio. Siku moja alisimamisha gari akaniomba nishuke, nisimame kando ya nyumba moja, kisha akapita mwenyewe akisoma tangazo lile lile kwenye kipaza sauti. Nilisikia “ndugu wananchi”, nikasikia jina la kata, kisha sauti ikapinda na upepo. Aliporudi akaniambia, “Sentensi yako inaanzia mashineni na kuishia shuleni. Hakuna nyumba inayoisikia yote.” Alikuwa sahihi. Gari likienda kilomita 20 kwa saa, tangazo la nusu dakika hutandazwa katika mita zaidi ya 160 za barabara. Tangu siku hiyo tulisimama. Tunazima injini, tunasema maneno machache, tunanyamaza kidogo ili walioko jikoni watoke, kisha tunarudia yote tangu mwanzo. Twatumia mafuta kidogo zaidi na muda mwingi zaidi. Lakini watu hutoka wakauliza, na anayeuliza ameshasikia.

Ndugu watendaji wa kata na wa vijiji, ninyi ndio miguu ya kila neno nililowahi kuliandika. Karatasi ikitoka hapa hupita mikononi mwenu, ikafika kwa wenyeviti wa vitongoji, na kutoka hapo njia hugawanyika. Mlinifundisha kwamba njia hizo hazifanani. Kuna kitongoji ambacho habari ikisemwa gulioni asubuhi, jioni imefika kila nyumba. Kuna kingine ambacho gulio lake ni la wageni, na habari husafiri kwa viongozi wa msikiti na wa kanisa. Kuna kile cha bondeni ambacho ujumbe wa simu huingia usiku tu, mtu anapopanda kilimani kufuata mifugo. Nami nilizoea kutuma karatasi moja kwa njia moja, nikijipongeza kwamba nimewafikia wote.

Maarifa hayo niliyaandika mmoja mmoja katika daftari kubwa lenye jalada gumu, lile tunaloliita kaunta buku. Kila kitongoji kina ukurasa wake: siku ya gulio, mahali watu wanapokutana, saa ambayo wengi wako shambani, jina wanaloliita mahali ambapo ramani yetu inapaita jina jingine. Daftari hilo halikuwa katika hati ya makabidhiano kwa sababu nililinunua mwenyewe. Leo ninamkabidhi anayenipokea, mbele yenu. Namwomba asiliamini sana. Kurasa nyingine zimezeeka. Gulio moja limehama, na mashine ya kusaga iliyotajwa katika ukurasa wa kumi na mbili imefungwa. Aende akaulize upya, na aandike juu ya maandishi yangu bila huruma.

Sitaki niondoke mkidhani kwamba nimemaliza kazi. Kuna mambo mawili nimeyashindwa, na ni haki mwenzangu ayajue. La kwanza ni wakazi wasiosikia. Gari la matangazo halina maana kwao, na wengi wao hawakupata nafasi ya kujifunza kusoma. Nimewategemea ndugu zao wawafikishie habari, na ndugu husahau. La pili ni majibu. Mkazi anapoleta taarifa kwamba kisima kimeharibika, sisi tunaipokea, tunaiingiza katika rejista, tunaipeleka kwa anayehusika. Lakini fundi anapopangiwa tarehe, au inapoonekana kwamba kipuri hakipo, mara nyingi hakuna anayerudi kumwambia yule mkazi. Yeye anabaki akidhani tumemdharau. Nimejenga njia ya maneno kutoka ofisini kwenda kitongojini. Njia ya kurudi nimeiacha ikiwa kichochoro. Nakuomba, mwenzangu unayenipokea, uanzie hapo.

Ndugu wafanyakazi wenzangu, mwaka nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nilikwenda likizo ya uzazi ya siku 84 nikiwa na wasiwasi kwamba matangazo yatasimama. Hayakusimama. Katibu muhtasi aliyaandika, mhudumu wa masjala aliyasikiliza, dereva aliyasoma. Miezi ilipita, nami nikasimama katika foleni ya kliniki nikiwa na mwanangu wa miezi 9 mgongoni. Mbele yangu mama mmoja alikuwa akimsomea mwenzake karatasi iliyobandikwa ukutani. Aliisoma mara moja tu, kisha mwenzake akasema, “Basi nitakuwa hapa Alhamisi saa mbili asubuhi, na kadi.” Ilikuwa karatasi yetu. Sikujitambulisha. Nilitazama pembeni ili wasione machozi yangu, nikamshukuru Mungu kwa ajili yenu.

Yapo niliyowakosea. Niliwahi kuwasumbua wakuu wa idara kwa simu za usiku nikiuliza tarehe. Niliwahi kurudisha taarifa ya mhasibu mara tatu, kwa sababu nilitaka ubao wa matangazo wa kijiji uonyeshe mapato na matumizi kwa maneno ambayo mwanakijiji atayaelewa, na sikusema naomba, wala sikusema asante. Kuna wengine nilinyamaza walipohitaji neno langu. Ninawaomba mnisamehe, na aliye na jambo nami asiniache niondoke nalo. Lori linaondoka kesho kutwa, bado kuna muda wa kikombe cha chai.

Kwa wakazi ambao watayasoma maneno haya katika jarida, nina ombi moja. Tangazo letu likiwafikia nanyi msilielewe, msiseme kwamba ni Kiswahili cha ofisini, mkaliacha lipite. Muulizeni mwenyekiti wenu, au mtendaji, au yeyote wa ofisi hii mtakayemkuta njiani. Kuuliza si ujinga. Lile swali la Mtendaji wa Kijiji, “saa nane ya mchana au ya wapi?”, lilinifundisha kazi yangu kuliko miaka yote ya darasani. Laiti lingeulizwa Jumatatu, akina mama kumi na tisa wasingetembea bure.

Ninakwenda mkoa mwingine, katika ofisi ambayo sijui mtu. Nitapewa kamera, spika na kompyuta, nitasaini, na nitaanza kuhesabu upya. Lakini nimeshaamua jambo la kwanza nitakalolifanya. Kabla sijaandika neno lolote, nitamtafuta mhudumu wa masjala, nimsalimie, nimwombe kiti kando yake. Kisha nitamtafuta dereva.

Mama, dereva wetu, muuguzi wetu uliyesubiri barafu, Afisa Utumishi uliyerudi kutoka stendi, watendaji na wenyeviti, nanyi nyote: nilikuja hapa nikiwa na bahasha ya kaki, ninaondoka nikiwa na watu. Nimewapenda. Mbaki salama.

 Kwaherini.